Sambaza zangu zimesambaa

Mliokwisha kupata habari kwa rafiki yangu wa Himbi, eti nilionyesha nguo za ndani kwenye mkutano, tulieni. Hazikuwa nguo. Zilikuwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na shefu.

Jana saa nne asubuhi, mkutano wa Zoom, watu kumi na mmoja, mimi ndiye wa kuonyesha bajeti. Nikabonyeza "Share". Pale unaulizwa: dirisha moja tu la Excel, au "Screen", yaani kioo kizima? Kwa haraka nikachagua kioo kizima. Ukichagua dirisha la Excel, wenzako wanaona Excel tu, hata ukifungua vingine. Mimi nilizungukwa na mstari wa kijani kioo chote, nikaona ni urembo.

Shefu akaanza hotuba yake. Nikafungua WhatsApp Web, nikamwandikia dada: "Huyu shefu anaongea kama jenereta, mafuta hayaishi. Niwekee sambaza za mafungu mawili."

Kimya. Halafu mhasibu, taratibu: "Mama, tunaona."

Nikazima kamera. (Msicheke. Kamera ni uso wako, kioo ni kitu kingine. Uso ulipotea, jenereta likabaki.) Nikabonyeza Alt+S, nikijua inakata. Wapi! Nilikuwa bado ndani ya WhatsApp, na vibonye hivyo vinasikia tu ukiwa umekwisha kubofya ule upau wa Zoom. Nikapeleka mausi juu kabisa, upau ukashuka. Juu yake kuna "Pause Share", na pembeni "Stop Share" nyekundu kama nyanya. Mimi nikashika "Pause".

Sasa mnisikilize. "Pause" haifichi kitu. Inagandisha picha ya mwisho iliyotoka kwako. Nikafunga WhatsApp, kwangu Excel safi, nikapumua, nikaendelea na mstari wa usafiri. Kwao bajeti haikuwepo kabisa. Ilikuwepo "jenereta", kubwa, imesimama, kwa dakika nzima, huku nikisema kwa sauti ya kujiamini: "Kama mnavyoona hapa, matumizi ni makubwa."

"Mama," mhasibu tena, "ile iko palepale. Bonyeza nyekundu."

Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukatoweka, nyuso zao zikarudi kwangu. Hiyo ndiyo dalili kwamba umekata kweli: kama kijani kingalipo, bado uko sokoni. Ukichanganyikiwa kabisa, toka mkutanoni kwa "Leave". Ukitoka, kioo chako nacho kinatoka, kisha unarudi na kusema konekshoni ilikatika. Goma hakuna atakayebisha.

Mengine yalikwenda mbio: nikaomba radhi, nikashiriki upya, safari hii dirisha la Excel peke yake, bajeti ikapita.

Jioni simu ikalia, ni shefu ameandika: "Mafungu mawili hayatoshi. Ongeza la jenereta."