Nani Atamtoa Mpangaji? Kauli ya Kutendwa Katika Mikataba Yetu

Mikataba ya pango ya fremu za biashara hapa Moshi hufanana sana, na katika mingi utakuta kifungu cha namna hii:

"Kutofanyika kwa malipo ya kodi ndani ya kipindi kilichokubaliwa kutasababisha kusitishwa kwa upangaji na kuondolewa kwa mali zilizomo bila kutolewa kwa taarifa nyingine."

Mama mmoja anayeuza mitumba Kiborloni alinisomea kifungu kama hicho kwa sauti, akaniuliza, "Sasa mwanangu, nani ananitoa hapo? Baba mwenye nyumba, mgambo, au dalali wa mahakama?" Ni swali la kisheria kabisa, na kifungu hakina jibu lake.

Hebu tukifungue. Ndani yake mna matendo manne mazito: kulipa, kusitisha, kuondoa mali na kutoa taarifa. Yote yamegeuzwa kuwa nomino, na matatu yakatiwa kauli ya kutendwa juu yake: kusitishwa, kuondolewa, kutolewa. Kitenzi pekee kilichobaki na nguvu ni "kutasababisha", na kiima chake si mtu bali ni "kutofanyika kwa malipo". Ukikisoma kama kilivyoandikwa, kuchelewa kwenyewe ndiko kunakovunja mkataba. Je, mwenye nyumba akipokea kodi baada ya kipindi kupita, mkataba upo au ulishakufa? Pande zote mbili zinaweza kubishana mahakamani kwa maneno yaleyale.

Mimi ningeandika hivi:

"Mpangaji asipolipa kodi ndani ya siku 14 baada ya tarehe ya malipo, Mwenye Nyumba anaweza kusitisha mkataba huu kwa kumpa Mpangaji taarifa ya maandishi. Mpangaji ataondoa mali zake ndani ya siku 7 baada ya kupokea taarifa hiyo."

Angalia kilichotokea. Mara tu kila kitenzi kilipodai mtendaji wake, mambo ambayo hayakuwa yamekubaliwa yalijitokeza yenyewe. Neno "anaweza" limeingia, kwa sababu ilibidi kuamua kama kusitisha ni hiari ya mwenye nyumba au kunatokea bila yeye kufanya lolote. Siku 14 na siku 7 zimeingia, kwa sababu "kipindi kilichokubaliwa" hakikuwa kimekubaliwa popote; hizo ni za mfano tu, wahusika wataweka zao. Taarifa ya maandishi nayo imerudi, jambo ambalo mpangaji anaweza kulikataa au kulidai, ili mradi analiona. Anayesaini karatasi lazima aone nani anamfanyia nini. Kwa hiyo popote sentensi inapompa mtu wajibu, inapomtoa fedha mfukoni au inapoanza kuhesabu siku, nasema iandikwe kwa kauli ya kutenda: mtu kwanza, kitenzi baadaye.

Lakini sikubaliani na wenzangu wanaotaka kauli ya kutendwa ifutwe kila mahali. Chukua Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu: "ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia ya kutenda kosa hilo". Jaribu kuigeuza: "Polisi wasimtendee mshtakiwa kama mkosaji." Imekuwa nyepesi, ndiyo, lakini askari magereza ametoka, mwajiri ametoka, hakimu naye ametoka. Ukijaribu kuwataja wote utaandika orodha ndefu, na atakayesahaulika atapata mwanya. Hapo mtendaji hakufichwa kwa uzembe. Ameachwa wazi ili katazo limshike yeyote yule, na anayelindwa ndiye amebaki katikati ya sentensi. Ulinzi wa namna hiyo unaihitaji kauli ya kutendwa.

Hata kwenye mkataba wa fremu kuna sentensi za aina hiyo. "Mkataba huu utatafsiriwa kwa mujibu wa sheria za Tanzania" iachwe ilivyo, maana atakayetafsiri anaweza kuwa msuluhishi, baraza au jaji, na kwa wote jibu liwe lilelile.

Kiswahili kina jambo jingine ambalo waandishi wa mikataba hulipita haraka mno. Mbali na kutendwa tuna kutendeka, na tofauti yake ni ya fedha. Fikiria kioo cha mbele cha fremu. Mkataba ukisema "Mpangaji akivunja kioo, atalipa", atalipa pale tu alipovunja yeye. Ukisema "kioo kikivunjwa, Mpangaji atalipa", sasa amebeba pia jiwe la mwizi na teke la mlevi, kwa sababu kutendwa kunadai kuwepo mtendaji hata asipotajwa. Ukisema "kioo kikivunjika, Mpangaji atalipa", hapo amebeba kila kitu: upepo, ukuta uliotitia, hata fremu ya aluminiamu iliyofungwa vibaya na fundi wa mwenye nyumba kabla yeye hajahamia. Kutendeka hakuulizi mtendaji kabisa. Kunataja hali tu.

Nimeona watu wakiandika "kikivunjika" kwa kuwa linasikika la upole, halimtuhumu mtu. Upole huo unamwangukia mpangaji. Kama nia ni kugawana hatari, iandikwe wazi: "Mpangaji, mfanyakazi wake au mteja wake akivunja kioo, Mpangaji atalipa. Kioo kikivunjika kwa sababu nyingine yoyote, Mwenye Nyumba atalipa." Sentensi ya kwanza inataja watendaji, ya pili inatumia kutendeka kwa makusudi ili ikusanye yaliyobaki yote. Hivyo ndivyo kauli hizi zinavyofanya kazi pamoja.

Kuna pia mtego mdogo wa "na". Katika kutendwa, "na" humtambulisha mtendaji, na wakati huohuo huunganisha. "Uharibifu utathaminiwa na Mwenye Nyumba na fundi": wanakaa pamoja, au yeyote kati yao anatosha? "Mwenye Nyumba na fundi watathamini uharibifu kwa pamoja" haina utata huo, na imezidi neno moja tu.

Kuhusu nomino nzito, si zote za kufunguliwa. "Kusudio la kukata rufaa" ni jina la hati yenye muda wake wa kuwasilishwa. Ukiandika "alisema anataka kukata rufaa", umetaja kitu kingine kabisa ambacho masijala haitakipokea. "Uhamisho wa umiliki" na "usikilizwaji wa awali" ni vivyo hivyo: ni hatua zenye majina, na kila jina lina utaratibu wake. Kipimo changu ni rahisi. Nauliza kama nomino hiyo inaweza kuwa kichwa cha fomu, hati au hatua ya shauri. Kama inaweza, naiacha. Kama ni kitenzi tu kilichovishwa koti, kama "kufanyika kwa malipo" au "kutolewa kwa taarifa", naivua na kumtafuta mwenye kitenzi.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hati zetu zinasomwa na watu wengi zaidi kuliko zamani, wakiwemo wale zinaowahusu. Yule mama wa Kiborloni hakusaini siku ile. Alirudi kwa mwenye nyumba na kifungu kilichoandikwa upya, wakabishana juu ya zile siku 7, wakakubaliana 10.