Utambi mrefu wa usiku wa Ijumaa: bei ya sarafu au bei ya soko moja?

"Usiku ule wa Oktoba 2025 chati yangu hapa Moshi ilionyesha sarafu ya kidijitali ya ATOM imeporomoka hadi karibu na sifuri. Kaka yangu yuko Arusha na anatumia soko jingine. Kwake ilishuka sana, lakini haikufika huko. Nani kati yetu aliona bei ya kweli?"

Nyote wawili mliona bei za kweli, ila kila mmoja aliona bei ya soko lake. Jambo hili limewagawa wachambuzi wa chati katika pande mbili. Wapo wanaosema utambi mrefu wa namna hiyo, yaani ule mstari mwembamba unaochomoza chini ya mshumaa, umbo linaloonyesha bei za kipindi kimoja kwenye chati, ni kelele tupu na unapaswa kufutwa kabla ya kuchora chochote. Wapo wanaosema kuwa palipo na muamala pana bei, na kwamba anayefuta utambi anafuta hasara za watu waliouzwa pale. Naona kila upande una hoja, lakini zinahusu maswali mawili tofauti.

Tuanze na namna namba ya chati inavyozaliwa. Soko la sarafu halipangi bei. Lina daftari la oda ambamo wanunuzi wameandika bei wanazokubali na kiasi wanachotaka. Chati huchukua bei ya muamala wa mwisho, hata kama muamala huo ni mdogo kiasi gani. Mkulima wa ndizi anayeshuka gulioni siku yenye wanunuzi wengi huuza mikungu yote kwa bei zinazokaribiana. Akiuleta mzigo uleule siku isiyo ya gulio, mikungu miwili ya kwanza itapata bei nzuri, na iliyobaki ataiuza kwa yeyote aliyepo, kwa bei atakayotaja mnunuzi.

Chukua mfano wa kubuni. Siku ya Jumatano daftari lina wanunuzi wa sarafu 2,000 kwa dola 4.00, wengine 3,000 kwa dola 3.98, na 5,000 kwa dola 3.95. Mtu akiuza sarafu 6,000 kwa oda ya papo hapo, zote zitanunuliwa, na muamala wa mwisho utakuwa dola 3.95. Kushuka huko hakufiki hata asilimia 1.5. Jumapili daftari hilohilo lina sarafu 200 kwa dola 4.00, 300 kwa 3.97, 500 kwa 3.90, 1,000 kwa 3.60, kisha hakuna mtu hadi dola 3.00, ambako mmoja anataka 4,000. Muuzaji yuleyule, akiwa na sarafu zilezile 6,000, atasukuma bei hadi dola 3.00, na wastani wake utakuwa takribani dola 3.26 badala ya 3.98. Chati itaonyesha anguko la asilimia 25, na kiasi cha biashara chini ya mshumaa kitakuwa 6,000 siku zote mbili. Kwa hiyo mwenye kutazama kiasi cha biashara peke yake hawezi kujua kama waliouza ni wengi au walionunua ndio waliokosekana. Habari hiyo imo kwenye daftari la oda, na daftari la dakika ile halibaki kwenye chati.

Sasa turudi kwenye usiku wenyewe. Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, muda mfupi baada ya soko la hisa la New York kufungwa, Rais Trump alitangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China. Kwetu ilikuwa inakaribia saa sita usiku. Bitcoin, iliyokuwa juu ya dola 120,000 mapema siku hiyo, ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10, na kwa hesabu za tovuti ya takwimu ya CoinGlass, biashara za mkopo zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24. Kila biashara ya kununua kwa mkopo inapofungwa hivyo, mfumo wa soko huuza, na mauzo hayo huishusha bei hadi kwenye mpaka wa mkopaji anayefuata. Wakati huohuo wale wanaoweka oda pande zote mbili kama kazi yao ya kila siku walikuwa wameziondoa, kwa kuwa hakuna anayetaka kununua katikati ya mporomoko asioujua mwisho wake.

Kwenye soko la Binance ATOM ilionekana ikiuzwa kwa takribani dola 0.001. Maelezo ya soko hilo ni kwamba oda za kununua za karibu ziliisha, mauzo yakafikia oda zilizosahauliwa na wenyewe, baadhi zikiwa zimewekwa tangu mwaka 2019. Sarafu nyingine, IOTX, ilionyeshwa kwa bei ya sifuri kamili, na hiyo haikuwa bei kabisa: idadi ya tarakimu baada ya nukta ilikuwa imepunguzwa kwenye mpangilio wa bei ya sarafu hiyo, hivyo skrini ikaonyesha 0. Hapa wanaosema "ni kelele" wana haki kamili. Mtu aliyeweka oda miaka sita kabla ya hapo kisha akaisahau hakuwa akitoa maoni yoyote kuhusu thamani ya ATOM usiku ule. Kuchora mstari wa msaada, yaani mahali bei inapotarajiwa kuacha kushuka, kutoka kwenye dola 0.001 ni kujenga nyumba juu ya kivuli.

Lakini usiku huohuo una mfano unaowapa nguvu wa upande wa pili. USDe, sarafu inayokusudiwa kubaki karibu na dola moja, ilishuka hadi takribani dola 0.65 kwenye soko hilohilo, ilhali kwenye soko jingine, Curve, iliendelea kuuzwa karibu na dola moja, na waliotaka kuikomboa kwa mtoaji wake waliendelea kulipwa. Kwa sarafu yenyewe, basi, 0.65 haikuwa na maana. Kwa mtu aliyeiweka USDe kama dhamana ya mkopo ndani ya soko lile, ilikuwa na maana yote, kwa kuwa mfumo ulithamini dhamana kwa kutumia bei ya ndani. Dhamana ya dola 1,000 ilihesabiwa kama dola 650, mkopo ukaonekana hauna kinga, na biashara ikafungwa. Baadaye Binance ililipa fidia ya takribani dola milioni 283 kwa waliotumia USDe na sarafu nyingine mbili, BNSOL na WBETH, kama dhamana, ikabadili pia namna ya kukokotoa bei hizo. Bei ambayo imelazimu fidia ya kiasi hicho siwezi kuiita kelele.

Kwa sababu hiyo naona swali la kwanza la msomaji wa chati liwe hili: bei hii ilionekana wapi pengine? Fungua mshumaa wa dakika moja wa saa ileile kwenye masoko mawili au matatu yenye biashara kubwa. Kwenye tovuti ya chati ya TradingView unaweza kugawanya bei ya soko moja kwa ya jingine kwa kuandika:

```
COINBASE:ATOMUSD/BINANCE:ATOMUSDT
```

Siku ya kawaida mstari hukaa karibu sana na 1. Ukiruka ghafla kisha ukarudi, utambi ulikuwa wa soko moja. Ukibaki palepale huku masoko yote yakishuka pamoja, sarafu yenyewe ndiyo iliyoshuka. Kuna mtego, kwa sababu bei ya kwanza inahesabiwa kwa dola na ya pili kwa USDT, sarafu inayokusudiwa kubaki karibu na dola moja, hivyo mstari unaweza kusogea kwa sababu USDT imesogea, si ATOM. Angalia pia tarehe. Mshumaa wa siku kwenye chati nyingi huanza saa sita usiku kwa saa za UTC, ambayo ni saa tisa usiku kwetu. Yaliyotokea kwa saa za Arusha na Moshi kati ya saa sita na saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 11, yamo ndani ya mshumaa wa tarehe 10, na wengi hukosea wanapoutafuta.

Mwenye kufanya biashara kwa mkopo ana la ziada la kutazama. Skrini humpa `Last Price`, `Index Price` na `Mark Price`. Ya kwanza ni muamala wa mwisho wa soko hilo, ya pili ni wastani wa masoko kadhaa, na ya tatu hukokotolewa kutokana na ya pili na kwa kawaida ndiyo inayoamua kufungwa kwa biashara. Utambi unaoonekana kwenye `Last Price` pekee unaweza kukupita bila kukugusa, isipokuwa kama oda yako ya kuzuia hasara umeifunga kwenye bei hiyo. Hivyo ndugu wawili wenye biashara sawa, kwenye soko moja, wanaweza kuamka mmoja ameuzwa na mwingine hana habari.

Je, ya mwisho wa wiki yapuuzwe hadi Jumatatu? Wanaosema ndiyo wanakumbusha kwamba mabenki yamefungwa, mifuko ya uwekezaji ya bitcoin inayouzwa kwenye masoko ya hisa ya Marekani imelala, na wanaosawazisha bei kati ya masoko hawawezi kuhamisha dola haraka. Ni kweli, na ndiyo sababu tofauti za bei hupanuka. Hata hivyo nakumbuka Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023. Silicon Valley Bank ilikuwa imefungwa siku iliyotangulia, na Circle, kampuni inayotoa USDC, sarafu nyingine inayokusudiwa kubaki karibu na dola moja, ilitangaza kuwa dola bilioni 3.3 za akiba ya sarafu hiyo zilikuwa humo. USDC ilishuka chini ya dola 0.88, na safari hii masoko mengi yaliona. Chati ya bitcoin iliyohesabiwa kwa USDC ilionyesha bitcoin imepanda sana kuliko ile ya dola, ingawa kilichotokea ni kipimo kufupika. Bei ilirudi baada ya serikali ya Marekani kutangaza Jumapili kwamba wenye amana wangelipwa wote. Hiyo haikuwa kelele ya daftari tupu. Ilikuwa hofu yenye sababu, na mwisho wa wiki ndio ulioionyesha kwanza.

Tofauti za bei nazo huwavuta wengi kutaka kununua huku na kuuza kule. Kwa aliye Arusha mwenye shilingi kwenye simu, bei anayopata ni ya tangazo la P2P, yaani la mtu anayeuza au kununua moja kwa moja na mwenzake, lenye kiwango cha chini na cha juu cha muamala, na tangazo lililo juu kabisa mara nyingi ni la kiasi kidogo. Toa hapo ada za kutuma pesa, ada ya kuhamisha sarafu, na kodi ya zuio ya asilimia 3 iliyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2024 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali inapokuhusu. Kisha hesabu dakika ambazo sarafu inakuwa njiani. Pengo la asilimia 2 limeshakwisha kabla hujafika, na pengo la asilimia 30 mara nyingi limebaki wazi kwa sababu mlango wa kuingia au wa kutoka kwenye soko moja umekwama, jambo ambalo chati haikuonyeshi.