Mkopo kwa Ujumbe wa Sauti

Wakala wa ajira alinipigia kunipa habari njema, akanitajia cheo, mshahara na tarehe ya kuanza kwa pumzi moja. Nikamwomba aniwekee hayo kwa maandishi, maana faili langu la mkopo lilikuwa limekwama benki. "Ondoa shaka kaka, nakutumia sasa hivi." Akatuma ujumbe wa sauti.

Afisa mikopo, dada mmoja mpole, aliposikia ofa iko kwenye simu alidhani ni waraka. "Hebu nione." Nikabonyeza. Simu yangu haijui kunong'ona: ukumbi mzima ukasikia mshahara wangu, kisha wakala akimfokea mtoto ashuke mezani. Mzee mmoja kwenye foleni akanigeukia: "Hongera mwanangu. Sasa mkopo wa nini tena?"

Dada akanieleza taratibu kinachotakiwa: barua yenye nembo ya mwajiri na tarehe, jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, cheo, kama ajira ni ya kudumu au ya mkataba, mshahara kabla ya makato, siku ya kuanza, na sahihi ya mwenye mamlaka ya kuajiri.

Wakala akaiandika yeye. Nembo yake, jina langu la utani, na "mshahara wa kuridhisha". Dada aliisoma mpaka mwisho bila kucheka; ningekuwa mimi nisingeweza. Akauliza, "Huyu ndiye atakayekulipa mwisho wa mwezi?" Nikasema hapana. "Basi anayelipa ndiye aandike."

Nikamtumia wakala barua pepe: "Nashukuru kwa ofa uliyonieleza kwa simu. Benki inahitaji barua ya mwajiri mwenyewe. Haya hapa ndiyo niliyoyasikia. Naomba wayathibitishe au wayasahihishe. Kazi yangu ya sasa nitaiaga nikishaipata barua hiyo." Chini nikaorodhesha kila kitu. Mtu mvivu wa kuandika barua huwa hodari wa kusahihisha ya mwenzake, na kweli masahihisho yalikuja haraka: ule mshahara ulikuwa umechanganywa na posho ya usafiri. Benki ile ilikuwa ikipiga hesabu ya rejesho kwa mshahara wa msingi tu, kwa hiyo mkopo wangu ukapungua papo hapo.

Barua halisi ilipofika, dada akapiga simu mapokezi ya mwajiri kuhakiki. "Huyo hatumjui. Hayupo kwenye orodha ya wafanyakazi." Nitakuwepo vipi na sijaanza? Dada akaanza kuniona tapeli. Nikaomba apige namba ya afisa rasilimali watu aliyetia sahihi, ambayo kwa bahati ilikuwa chini ya jina lake.

Huyo alithibitisha kila kitu, neno kwa neno. Kisha akauliza riba ni asilimia ngapi na kama na yeye anaweza kuomba. Nikakaa pale nikisubiri wamalizane.