Usiuburuze mstari wa alama zako hadi kwenye UE

Semista ikifika katikati, wanafunzi huanza kupiga hesabu za daraja la mwisho. Njia inayopendwa ni moja: unaziandika alama za testi kwa mfuatano, unaangalia zinapanda au zinashuka, kisha UE unaipa hatua ile ile. Anayepanda anajiona ana B+ mfukoni, anayeshuka anaanza kuwaza sapu. Kwa maoni yangu njia hii inapotosha, na inapotosha hata pale hesabu yenyewe inapokuwa sahihi.

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma takwimu, kwenye chuo ambako koswek ina uzito wa 40 na UE 60, na A inaanzia 70, B+ 60, B 50, C 40. Amefanya testi nne zenye uzito sawa na kupata 42, 50, 57 na 65, kila moja kati ya 100. Kwenye Ekseli anaweka namba za testi safu ya A, alama safu ya B, halafu anaandika:

```
=FORECAST.LINEAR(5,B2:B5,A2:A5)
```

Inatoka 72.5. Mstari unapanda alama 7.6 kwa kila testi, na hakuna testi iliyoukwepa mstari huo hata kwa nusu alama. Ndiyo maana unashawishi. Wastani wa koswek ni 53.5, yaani 21.4 kati ya 40. UE ya 72.5 inamwingizia 43.5 kati ya 60. Jumla 64.9, B+ safi.

Sasa mwulize kwa nini aliandika 5. Testi zilifanyika wiki ya 3, ya 6, ya 9 na ya 12, na UE iko wiki ya 17. Akitumia wiki badala ya namba za testi, mstari ule ule unampa 77.6. Amefika kwenye namba nyingine bila kujifunza chochote kipya. Na kama mhadhiri angekuwa na moyo wa kutunga testi tisa, ya tisa angepata 102.9.

Lakini hilo ni dogo. Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba alama ya testi hubeba vitu viwili kwa pamoja, uwezo wa mwanafunzi na ugumu wa karatasi, na mstari hauwezi kuvitenganisha. Cha kuvitenganisha ni wastani wa darasa. Tuseme kwenye testi zile nne darasa zima lilipata wastani wa 50, 55, 60 na 67. Mwanafunzi wetu basi alikuwa chini ya wenzake kwa alama 8, halafu 5, halafu 3, halafu 2. Amepanda kweli, hakuna wa kumnyima hilo. Ila darasa nalo lilikuwa linapanda, kwa alama 5.6 kila testi. Katika zile 7.6 alizokuwa anajivunia, zilizo zake ni 2 tu. Nyingine zimeletwa na karatasi zilizolegea, au darasa lililokwisha kuzoea namna mhadhiri anavyouliza, au vyote viwili.

Kwa hiyo kinachofaa kuendelezwa mbele ni pengo lake na darasa. Pengo hilo, likienda kwa mwendo huo wa alama 2, kwenye mtihani wa tano linamfikisha juu ya wastani wa darasa kwa nusu alama. Kwa maneno mengine, tumtarajie apate kama mwanafunzi wa kawaida wa darasa lile. Hapo swali linakuwa jingine kabisa: UE ya somo hili huwa na wastani gani? Waliosoma somo hilo mwaka jana wanajua, angalau kwa kukisia, na idara inajua kwa hakika. Tukiweka 58, yeye tunamkadiria 58.5, sawa na 35.1 kati ya 60. Ongeza 21.4 za koswek, unapata 56.5. Ni B.

Mtu atasema nimeishusha UE makusudi, maana testi ya mwisho darasa lilikuwa na 67. Nimeishusha kwa sababu UE si testi ya tano. Testi ya nne iliuliza mada za wiki chache zilizotangulia, ambazo bado ni za moto kichwani. UE inakusanya semista nzima kwa mkao mmoja wa saa tatu, na humo inarudi kwenye mada za testi ya kwanza, pale alipopata 42. Kupanda kwake kunaonyesha kwamba mada mpya anazimudu kuliko alivyozimudu zile za mwanzo. Kama zile za mwanzo alizirudia au alizikimbia, alama hazisemi. Mtu anaweza kutoka 42 hadi 65 huku uwezekano wa matukio, aliofeli wiki ya 3, ukiwa bado giza kwake.

Hata namba hiyo ya 56.5 isishikwe kama cheti. Pointi nne ni chache mno kwa utabiri. Tuseme alama ya mtu huyumba kwa takribani 5 kutoka testi hadi testi bila sababu ya maana. Makadirio ya mstari kwa mtihani wa tano yatakuwa na yumbo la karibu 8, kwa sababu unakisia nje ya eneo ulilolipima. Kwenye jumla hizo ni kama alama 5 huku na huku, hivyo tunazungumzia 52 hadi 61. B ndiyo ya kutegemea, B+ haijakatwa.

Alama zinazoshuka mimi huzichukulia tofauti na zinazopanda. Hatua ya kwanza ni ile ile: mwenye 70, 63, 57 na 50 katika darasa lililopata 68, 62, 55 na 49 hajashuka popote, yuko juu ya wenzake kwa alama moja au mbili tangu mwanzo, na hofu ya sapu aiweke kando. Lakini pengo lenyewe likiwa linashuka, angalia aina ya somo. Kwenye kalkulasi au programu, mada ya wiki ya 10 imesimama juu ya ya wiki ya 4, kwa hiyo anayeshuka huendelea kushuka, na hapo mstari naupa uzito zaidi. Kwenye somo ambalo mada zinajitegemea, testi mbili mbaya zinaweza kuwa ni mada mbili tu zilizomshinda.

Kuhusu huo wastani wa darasa, wahadhiri wengi hubandika orodha ya namba za usajili na alama bila kuuandika. Ukiukokotoa mwenyewe, waondoe kwanza wasiofanya testi, ambao mara nyingi huingizwa kama sifuri. Angalia pia kama waliokata tamaa wamepungua njiani. Wakitoweka wenye alama za chini, wastani hupanda wenyewe na utajiona umebaki nyuma ilhali hukubaki.

Mwanafunzi wetu anaitaka B+. Anahitaji 38.6 kati ya 60 za UE, yaani 64.3 kati ya 100. Hizo ni alama 6 juu ya darasa ambalo hajawahi kulipita hata mara moja. Kwa wiki tano zilizobaki, ningemwambia aanze na karatasi ile ya 42.