Lambda bila gama: mkondo wa dreni sosi inapoacha graundi

"Mwalimu, lambda naiweka kila mara. Gama tuliambiwa ni ndogo, tuiache. Mbona mkondo nilioupima uko chini ya niliouhesabu, na nilipotia lambda ndio ukazidi kuachana?"

Aliyeuliza ni kijana wa Kisauni anayesomea umeme, na tatizo lake nimelikuta kwa wengi hapa Mombasa. Lambda, namba inayoonyesha jinsi mkondo unavyoongezeka volteji ya dreni ikipanda, hupandisha mkondo. Gama, inayoonyesha jinsi volteji ya sosi dhidi ya bodi inavyokipandisha kizingiti, huushusha kwa mosfeti ya enimosi ambayo volteji ya sosi yake iko juu ya ile ya bodi. Mtu akichukua moja na kuiacha ya pili, hesabu yake inaweza kutoka mbali zaidi na ukweli kuliko kama angeziacha zote mbili.

Wanaoitetea lambda wana hoja, na sitaki kuipunguza. Volteji ya dreni ikipanda katika eneo la kujaa, mahali chaneli inapokatikia husogea upande wa sosi, chaneli inayobaki inakuwa fupi, na mkondo unaongezeka. Hilo hutokea kwa kila transista, sosi yake iwe wapi. Bila lambda ukinzani wa dreni ungekuwa hauna mwisho, na transista inayonakili mkondo wa nyingine ingeunakili kikamilifu. Chukua transista mbili sawasawa zenye lambda ya 0.1 na volteji ileile kati ya geti na sosi, moja ikiwa na volti 1.4 kati ya dreni na sosi, nyingine 4.4. Ya pili itapitisha mkondo mkubwa kwa asilimia 26. Huwezi kuipuuza hiyo. Na ni kweli pia kwamba saketi nyingi za mitihani zina sosi iliyofungwa kwenye graundi, ambapo gama haina la kufanya.

Lakini pakitoka hapo, mambo hubadilika upesi. Bodi ya enimosi kwa kawaida ndiyo silikoni yenyewe ya chipu, imefungwa kwenye volteji ya chini kabisa, na transista zote za aina hiyo huigawana. Sosi ikiinuka juu ya bodi, eneo tupu chini ya chaneli, lile lisilo na vibeba umeme, hupanuka. Geti inalazimika kusawazisha chaji nyingi zaidi kabla chaneli haijatokea. Kwa hiyo volteji ya kizingiti hupanda:

```
VT = VT0 + γ(√(2φF + VSB) − √(2φF))
ID = ½k(VGS − VT)²(1 + λVDS)
```

Tuweke namba. Geti iko kwenye volti 3, dreni 5, sosi 1.6, bodi 0. Kizingiti cha mwanzo ni 0.7, k ni miliampia 1 kwa kila volti mraba, lambda 0.1, gama 0.45, na 2φF, volteji inayotegemea silikoni yenyewe, ni 0.9.

Ukiacha vyote viwili, volteji ya geti juu ya kizingiti ni 1.4 kutoa 0.7, yaani 0.7, na mkondo ni miliampia 0.245. Ukitia lambda, kati ya dreni na sosi kuna volti 3.4, kwa hiyo unazidisha kwa 1.34 na kupata 0.328. Sasa tia gama. Kipeuo cha pili cha 2.5 ni 1.581, cha 0.9 ni 0.949, tofauti yao mara 0.45 ni 0.285. Kizingiti kimefika 0.985, na kilichobaki juu yake ni 0.415 tu. Mkondo, lambda ikiwemo, ni miliampia 0.116.

Zitazame hizo namba tatu tena: 0.245, 0.328, 0.116. Aliyeacha vyote amekosea kwa zaidi ya mara mbili. Aliyejitahidi akaweka lambda amekosea karibu mara tatu. Kizingiti hakikupanda hata theluthi moja ya volti, ila mkondo unafuata mraba wa kile kinachobaki juu yake, na hapo ndipo "ndogo" inapogeuka kuwa kubwa.

Atakayenipinga atasema sosi haishikiliwi hivyo mahali pamoja, na atakuwa na haki. Weka rezista ya kiloomu 10 kati ya sosi na graundi, geti ibaki volti 3. Mkondo ukipungua, sosi inashuka, na saketi inajirekebisha yenyewe. Bila vyote viwili unapata miliampia 0.171, kwa lambda peke yake 0.178, kwa vyote 0.154. Kosa limepungua sana. Hata hivyo lambda pekee bado imekusogeza upande usio wenyewe, na huo ndio mwachano alioupima kijana wetu. Isitoshe, palipo na chanzo cha mkondo badala ya rezista, gama inakula mawimbi pia: katika saketi hii sosi ingefuata geti kwa takriban asilimia 87 tu, hata chanzo hicho kikiwa kamili.

Kwa nini basi wengi humaliza masomo bila kuiona? Nadhani ni kwa sababu vifaa vyetu vinaificha. Transista ya miguu mitatu kama 2N7000 ina bodi iliyounganishwa na sosi ndani kwa ndani. Hata uipandishe sosi vipi, tofauti inabaki sifuri. Kwenye LTspice alama ya `nmos` hufanya vivyo hivyo, na unayoitaka ni `nmos4`. Tena modeli ya kiwango cha kwanza huchukua LAMBDA kuwa sifuri usipoitaja, na GAMMA nayo ni sifuri usipoitaja wala kutaja NSUB, wingi wa vichanganyio katika silikoni ya bodi. Simuleta itakukubalia makosa yako bila kulalamika. Jaribu hii, kisha ubadilishe `0` ya bodi iwe `s`:

```
* sosi juu ya bodi
V1 g 0 3
V2 d 0 5
M1 d g s 0 N1 W=100u L=10u
R1 s 0 10k
.model N1 NMOS (VTO=0.7 KP=100u
+ GAMMA=0.45 PHI=0.9 LAMBDA=0.1)
.op
.end
```

Kwa mkono, chipu inayofaa ni CD4007, kwa kuwa bodi ya enimosi zake imetolewa nje kwenye pini 7. Tumia transista ya pini 3, 4 na 5: geti, sosi na dreni. Pini 14 na dreni zipe volti 10, geti volti 5, sosi ipitie kiloomu 10 hadi graundi, na pini 6 na 10 zifungwe kwenye pini 7. Pima volteji ya sosi pini 7 ikiwa graundi, kisha ing'oe hapo uiunganishe na pini 4. Sosi itapanda, na ongezeko hilo limetokana na gama iliyoondoka. Usiruhusu pini 4 ishuke chini ya pini 7, maana makutano yaliyo kati yao yatapitisha umeme kama diodi.

Wanaosema gama inakwenda zake wana ushahidi katika transista za pezi, ambazo Intel iliziingiza sokoni mwaka 2012: geti imekumbatia chaneli pande tatu, na bodi haina nguvu tena. Lakini chipu za analogi za silikoni ya kawaida bado zinatengenezwa. Huko pimosi, mosfeti ya aina ya pili, huweza kupewa kisima chake, yaani eneo lake la silikoni lililotengwa, kilichofungwa na sosi, na enimosi mara nyingi haipati.

Kuamua kama uiache, usitazame gama yenyewe. Tazama kupanda kwa kizingiti ukilinganisha na volteji iliyo juu yake: sehemu ya mkondo inayopotea ni takriban mara mbili ya uwiano huo, uwiano ukiwa mdogo. Katika mfano wetu, sosi ikiinuka volti 0.1 tu juu ya bodi, kizingiti hupanda volti 0.023. Palipo na 0.7 juu ya kizingiti unapoteza asilimia 6.5 hivi. Palipo na 0.2, unapoteza zaidi ya asilimia 20.