Dozi ya Statini au Lengo la LDL: Mgonjwa Afuate Lipi?

Mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi kilichotokana na mshipa kuziba huandikiwa dawa ya kushusha lehemu, na hapa Uganda mara nyingi dawa hiyo ni atorvastatini, mojawapo ya dawa ziitwazo statini. Kuhusu haja ya dawa yenyewe hakuna ubishi. Ubishi uliopo ni juu ya namna ya kujua kwamba tiba imetosha. Miongozo mingine humtaka daktari achague dozi yenye nguvu kulingana na hatari aliyonayo mgonjwa, kisha aishikilie. Mingine humwekea mgonjwa lengo, yaani kiwango cha LDL, lehemu ile mbaya inayoziba mishipa, anachopaswa kukishukia, na dawa huongezwa mpaka kiwango hicho kifikiwe.

Mgongano huu ulijitokeza wazi mwaka 2013, pale vyama vikuu vya magonjwa ya moyo vya Marekani vilipoyaweka kando malengo vilivyokuwa vikiyafuata kwa miaka mingi. Hoja yao ilikuwa nzito: karibu majaribio yote makubwa ya statini yalilinganisha dozi na dozi, au dozi na kidonge kisicho na dawa, wala hayakulinganisha lengo na lengo. Kwa hiyo kilichothibitishwa ni dozi. Ilipofika 2018, Wamarekani wenyewe walirudisha namba kwa mlango mwingine, wakasema kwamba kwa mgonjwa mwenye hatari kubwa sana, LDL ikibaki milimoli 1.8 kwa lita au zaidi licha ya statini, ni busara kuongeza ezetimibi, kidonge kingine cha kushusha LDL. Mwaka uliofuata Wazungu wa Ulaya walikaza zaidi: kwa mgonjwa wa aina hiyo walitaka LDL iwe chini ya 1.4 na pia iwe imeshuka kwa asilimia 50 au zaidi kutoka ilipoanzia.

Kwa msomaji wa Kampala au Mbale anayelipia kipimo kutoka mfukoni mwake, tofauti hii inagusa fedha, idadi ya vidonge na utulivu wa moyo. Nichukue mfano wa mzee mmoja niliyemhudumia, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye alipata shambulio la moyo. Kabla ya dawa LDL yake ilikuwa 4.1. Alianzishwa atorvastatini miligramu 40 kila siku, na baada ya wiki nane akarudi na karatasi ya maabara ikionyesha 2.2. Pembeni mwa namba hiyo palichapishwa kwamba kiwango cha kawaida ni chini ya 3.4.

“Mwanangu,” aliniambia huku kidole chake kikiwa juu ya karatasi, “hapa wameandika niko sawa. Kwa nini basi nisipumzike na hizi dawa?”

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwa sababu karatasi ile imeandikwa kwa ajili ya watu wote na haijui kwamba aliyeishika ameshapata shambulio la moyo. Nilimwonyesha hesabu tofauti. Kutoka 4.1 hadi 2.2 ni mshuko wa 1.9, yaani asilimia 46 hivi, na dozi ya miligramu 40 hutarajiwa kushusha karibu nusu. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake, na ilikuwa inafanya kazi kwa sababu alikuwa anaimeza. Akiiacha, LDL itapanda tena ilikotoka ndani ya wiki chache.

Kwa njia ya dozi, kazi ya mwandishi wa dawa ingeishia hapo: mzee aendelee na 40, au apandishwe hadi 80 kama misuli haimuumi. Kwa njia ya lengo, 2.2 bado ni juu. Hapa pana jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi, nalo ni kwamba kuzidisha statini mara mbili hakuzidishi mshuko mara mbili. Kutoka 40 hadi 80 mtu hupata nyongeza ya asilimia 6 tu hivi, ilhali maumivu ya misuli na madhara mengine huongezeka kadiri dozi inavyopanda. Ezetimibi miligramu 10 hupunguza kati ya sehemu moja ya tano na moja ya nne ya LDL iliyobaki, kwa hiyo 2.2 ya mzee ingekaribia 1.7. Kwa mwongozo wa Wamarekani wa 2018 angekuwa amevuka. Kwa mwongozo wa Ulaya angebaki na deni, na hatua inayofuata ni sindano za kushusha LDL ambazo bei yake haifikiki kwa wagonjwa wetu walio wengi.

Basi je, deni hilo linafaa kumnyima mtu usingizi? Kwa maoni yangu, hapana. Jumla ya majaribio ya statini inaonyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa 1, hatari ya shambulio la moyo, kiharusi na matukio ya aina hiyo hupungua kwa takriban moja ya tano. Mzee alikuwa ameshashusha 1.9. Faida kubwa alishaipata kwa kidonge kimoja, na mshuko wa 0.5 zaidi ambao ezetimibi ingempa ni wa kweli lakini faida yake ni ndogo zaidi. Akiweza kuinunua mwezi baada ya mwezi, ainunue. Ikiwa kuinunua kutamfanya akose atorvastatini, nitamsihi aiache.

Njia ya lengo nayo ina haki yake. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Ufaransa na Korea Kusini kwa watu waliopata kiharusi, na waliolengwa chini ya 1.8 walipata matukio machache kuliko wale walioachwa kwenye lengo la juu zaidi, asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Kisha mwaka 2023 Wakorea walizipambanisha njia hizi mbili moja kwa moja kwa wagonjwa 4,400 wa mishipa ya moyo. Baada ya miaka mitatu, waliofuata lengo walipata matukio kwa asilimia 8.1 na waliopewa dozi kali kwa asilimia 8.7, tofauti isiyotosha kusema kwamba mmoja amemshinda mwenzake. Karibu asilimia 43 ya kundi la lengo ilitosheka na dozi ya kati. Kwa mama aliyeanza na LDL ya 2.5 na sasa yuko 1.5 kwa miligramu 20, na ambaye misuli humuuma akipandishwa, matokeo hayo ni ruhusa njema ya kubaki alipo.

Ninachokipinga ni dozi kuandikwa bila kupima hata mara moja, kwa kisingizio kwamba mwongozo haudai lengo. Hata miongozo ya dozi hutaka kipimo kabla ya dawa na kingine wiki 4 hadi 12 baadaye, kwa sababu mshuko ndio unaosema kama dozi inamezwa. Mzee wetu alipopima tena miezi kadhaa baadaye, LDL ilikuwa 3.8. Namba iliyorudi karibu na ilipoanzia haiombi dozi kubwa zaidi, inaomba swali. Nilimuuliza, akajibu kwamba vidonge vilikwisha wakati wa msiba kijijini na hakununua vingine. Kama angekuwa anavimeza kila siku, ningefikiria tezi ya shingo iliyolegea, ambayo huipandisha LDL na hupimwa kwa damu. Kama ingekuwa 2.5, ningedhani anaruka siku, na pia ningekumbuka kwamba kipimo kimoja huweza kucheza kwa asilimia kadhaa bila sababu yoyote. Alirudishwa kwenye miligramu 40 zilezile, na karatasi zake tatu za maabara sasa hukaa pamoja ndani ya daftari la kliniki, ya kwanza ikiwa juu, ili atakayemwona baadaye ajue nusu yake ni ngapi.