Yeye Anauliza, Mimi Najibu, Ndoa Lini?

Mimi sina ugomvi na mtu anayeuliza. Kwetu Mtwara ukipita sokoni Chikongola na fungu la samaki mkononi, lazima utaulizwa umenunua bei gani, halafu atatokea mwingine hata hajaulizwa akuambie umepigwa. Lakini hao nao hawana siri. Kabla hujafika kona umeshajua yule anakwenda Ligula kumwona shemeji yake, na yule anawahi gari la Masasi, tena nauli haijatimia. Huyu wangu wa kwenye simu ndiye kanishinda. Anauliza tu. Kujibu hajui, au hataki, au amekatazwa na daktari.

Nilimpata kwenye apu ya wachumba. Picha nzuri, ushungi wa kijani, chini kaandika yuko Lindi mjini. Nikasema alhamdulillahi, Lindi si safari ya kuaga ukoo, asubuhi unapanda gari na jioni umerudi. Mimi kwenye profaili nimeweka picha nimesimama kando ya magunia ya korosho, kwa sababu shati langu zuri lilikuwa siku hiyo. Shikeni hiyo habari ya magunia.

Sasa sikilizeni maongezi yenyewe.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi wa feni na redio hapa mjini, na nina mikorosho ya urithi kule Nanyamba. Wewe je?"

"Mambo mengi tu dia, hahaha. Mikorosho mingapi?"

Nikamtajia. Akauliza, "Unaishi na nani?"

"Peke yangu. Wewe unaishi na nani?"

"Utajua tu, haraka ya nini. Mama yupo?"

Nikamwambia mama alishatangulia. Mtu wa kawaida hapo anasema pole, hata ya kuazima. Yeye akaandika: "Alikuwa anaitwa nani?"

Jamani, hata karani wa sensa mwaka 2022 alijitambulisha kwanza! Alikuja na kitambulisho shingoni, akataja jina, akanywa maji yangu, ndipo akaanza kuhesabu wakazi wa nyumba.

Nikaanza kutafuta wa kunitafsiria. Jirani yangu mshona nguo, ambaye tangu nimjue hajawahi kuwa na jambo akalichukulia vibaya, akasema huyo anakupenda, mwanamke asiyekutaka hawezi kupoteza bando kukuhoji. Kijana wa bodaboda anayepaki hapa nje akasema hakuna cha kupenda, yule ana mume. Akanipa na dalili: angalia saa anazopatikana. Wa hivyo anachati mchana kweupe, ikifika saa mbili usiku anazima, sikukuu humwoni kabisa, na ukipiga simu anakata halafu anaandika "niko kwenye kikao". Nikamwangalia mtu wangu. Anapatikana hata saa sita usiku. Mume gani huyo asiyelala nyumbani? Kijana akasema labda ni mlinzi. Ushauri wa bure nao una mipaka yake.

Aliyenisaidia ni Bi Somoe, anauza vitumbua mkabala na kibanda changu. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, na mtu aliyezoea kupima korosho za watu humdanganyi kwa gunia lenye mawe chini. Nikamwamkia, nikampa simu. Akapandisha miwani, akasoma kimya, mafuta yanachemka kitumbua kinaungua.

"Mwanangu," akasema, "usihesabu maswali. Tazama swali linazaliwa na nini."

Nikamwambia sijaelewa. Akanionyesha kwa kidole chenye unga. Mtu anayekupenda, swali lake la pili linatoka kwenye jibu lako la kwanza. Ukimwambia unatengeneza feni, atauliza feni za kichina zinakusumbua vipi, au atakuletea habari ya feni yao iliyokufa. Ukimwambia mama kafariki, atakaa hapo kidogo. Huyu wako umemwambia unatengeneza redio, hakugusa. Umemwambia una shamba Nanyamba, hakuuliza kama mvua imekuja, hakuuliza nani anakuangalizia, wala palizi unafanya lini. Karukia idadi. Maswali yake yamekuja na foleni yao, jibu lako halibadilishi kitu.

Nikamtetea kidogo, maana nilishaanza kumzoea mtu wangu. Nikasema Bi Somoe, pengine ana haya. Pengine anaogopa, siku hizi wanawake wanafuatwa hadi majumbani na watu waliokutana nao kwenye simu. Mtu mwenye akili hawezi kumtajia mwanamume asiyemjua mtaa anaoishi.

"Kweli kabisa," akasema, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. "Lakini mwenye haya anajibu, ila anajibu kwa ufupi. Mwenye tahadhari anakuambia wazi: mtaa sitakutajia mpaka tuzoeane. Amekunyima mtaa, lakini atakupa kingine, atakuambia anapenda pweza, kwao wako wanne, bosi wake mkorofi. Mlango mmoja umefungwa na wewe unajua umefungwa. Huyu hajafunga mlango wowote, na hakuna ulioingia."

Basi akanituma nichukue karatasi. Niyaandike maswali yake tu, majibu yangu niyaache, nishuke nayo kwa mpangilio yalivyokuja. Nikayaandika nyuma ya risiti ya waya wa shaba: Kazi. Mikorosho mingapi. Unaishi na nani. Mama yupo. Mama aliitwa nani. Mzigo umeshapeleka ghalani? Kilo ngapi? Mnada wenu umeshapita? Mmelipwa? Mnalipwa mkononi au benki? Benki gani?

Nilipoyasoma bila majibu yangu katikati, jasho likanitoka. Ukiyasoma ndani ya maongezi kila moja lina utamu wake, lina "dia" yake na "hahaha" yake. Ukiyatoa humo unaona yanakwenda mahali. Na wenzangu wa kusini mnajua mahali penyewe. Tangu stakabadhi ghalani ilipoingia kwenye korosho mwaka 2007, mzigo unaupeleka chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa kwa mnada, na hela inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Minada inaanza Oktoba. Huyu dada kaanza kunipenda Novemba. Mwezi wa sita, tunapopuliza salfa hatuna hata ya sabuni, mapenzi kama haya hayatufikii.

Nikasema lakini Bi Somoe, hajaniomba hata shilingi mia. Namba ya siri hajaigusa.

"Hawezi kuigusa yeye," akasema. "Yeye anamtengenezea njia mwingine."

Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Siku hela ikiingia, mtu mwingine kabisa atanipigia, sauti ya ofisini, akijifanya wa benki. Atanitaja majina yote matatu, atataja jina la marehemu mama, benki yangu, chama changu, na kilo nilizopeleka. Mimi nitaona huyu bila shaka ni wa benki, nani mwingine angejua hayo? Hapo ndipo ataomba namba ya siri "kuhakiki akaunti", na nitaitaja kwa mdomo wangu. Au hataiomba, atajaribu mwaka wangu wa kuzaliwa, kwa sababu nusu ya mji huu namba zao za siri ni mwaka waliozaliwa. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa naikumbuka ya kwangu. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa si swali dogo la kukutakia heri. Hata namba ya NIDA inaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, nayo ndiyo tunayosajilia laini.

Jioni ile swali likaingia lenyewe: "Dia, bethidei yako lini? Na mwaka, nataka kujua nyota yako."

Nyota inataka mwaka? Nyota inatosheka na mwezi na siku, hilo hata mimi fundi feni nalijua.

Bi Somoe alikuwa amenionya nisimhukumu mtu kwa swali moja, maana wapo binadamu wasiojua kuongea kwenye simu na ana kwa ana ni watu wazuri kabisa. Akanipa vipimo vitatu. Omba simu ya video, fupi tu, hata dakika moja. Uliza kitu ambacho mkazi anakijibu bila kufikiri. Halafu mnyime jibu moja dogo kwa upole, uone anafanya nini. Mwenye nia njema atatania au atavumilia, mwenye foleni atalirudia lile lile kwa nguo nyingine.

Video: "Kamera ya simu yangu imepasuka dia." Sawa, kamera zinapasuka. Nikauliza, hapo Lindi ukitaka kwenda Kitunda unapandia wapi? Kitunda iko ng'ambo ya ghuba, ukisimama ufukweni Lindi mjini unaiona, watu wanavuka kila siku. Akajibu: "Hahaha, wewe unaipendea nini Kitunda? Hujaniambia mwaka." Nikasema moyoni, anaweza kuwa mgeni, kahamia wiki jana. Nikaenda kipimo cha tatu.

"Mwaka nitakuambia tukionana. Wewe umezaliwa lini?"

"Wewe mkubwa kuliko mimi? Wa themanini na ngapi?"

"Unanionaje?"

"Nakuona kama wa 85."

"Kwa nini 85?"

"Basi 88?"

"Unapenda namba eeh?"

Yaani nilinogewa. Kila akituma, namrudishia swali. Kaniuliza hela ya mnada imeingia, nikamuuliza kwao wanalima nini. Kaniuliza jina langu la kwenye kitambulisho, nikamuuliza lake linaandikwaje. Bi Somoe kajiinamia pale anacheka mpaka kanga inamdondoka. Pembeni nikabonyeza *106# kuona kama kuna laini ngeni imesajiliwa kwa kitambulisho changu, hakuna, zote zangu. Na namba aliyonipa ya kuchatia nje ya apu nikaituma 15040, kule wanakopokea namba za matapeli, wenyewe waichunguze.

Nilipopandisha tena maongezi nikakuta ujumbe mrefu, wa kwanza mrefu tangu tujuane, na ndani yake hakuna hata alama moja ya kuuliza.

"Kaka samahani, mimi nimejitahidi kukuelewa nimeshindwa. Kila nikikuuliza kitu unanijibu kwa swali. Hutaki kufunguka. Mimi siwezi kuanza maisha na mwanaume msiri."

Halafu akaniblok.